Zizi la Pili la Garsen

Tulitoka Garissa Jumatatu alfajiri, mimi, dereva na mizani ya ng'ombe, tukaingia Garsen Alhamisi jua likiwa limeshapinda. Barabara ikiwa kavu, safari ile ni ya siku moja. Lakini mvua ilikuwa imenyesha, na kila laga, yaani korongo la msimu, tuliyoifikia ilikuwa inapitisha maji mekundu, na magogo yakielea juu yake. Tulilala kando ya laga ya kwanza, tukalala Bura, tukalala Hola. Pale Bura wakulima wa skimu ya umwagiliaji walisimamisha pikipiki zao zenye magunia ya mahindi mabichi, wakalitazama lile jukwaa la chuma lenye vyuma pande mbili, wakauliza ni kitu gani.

"Ni lango la peponi," dereva akawaambia. "Mtapita mmoja mmoja, na wanene watarudishwa."

Nilikuwa na miaka arobaini na moja. Nilikuwa nimeondoka kwetu Mwatate mara tu nilipomaliza kidato cha nne, na tangu wakati huo sikuwahi kuona mwaka wa tatu ukiniishia katika mji mmoja. Usiku wa Hola nililala juu ya ile mizani, chini ya turubai, nikasikia harufu ya udongo uliolowa, nikakumbuka mashamba ya mkonge ya nyumbani yanavyonuka baada ya mvua. Kila ninapokwenda mahali papya huwa nakumbuka pale pa kwanza. Sijui kama ni ugonjwa.

Aliyeniajiri alikuwa dalali wa mifugo, Muorma wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mwenye sauti ya chini. Tulikutana Garissa nilipokuwa nikipakia ng'ombe kwenye malori. Yeye alikuja kununua ile mizani kutoka kwa ranchi moja iliyofunga kazi. Walimpa pamoja nayo karatasi za maelekezo, akawauliza vijana wa soko nani anaweza kuzisoma. Nilizisoma nikasimama pale pale nikamweleza jinsi ya kuisawazisha kabla mnyama hajapanda.

"Msomi," akaniambia, "wewe na mashine hii mtakwenda pamoja." Jina hilo likanikaa mpaka mwisho.

Garsen ilikuwa na zizi moja la mnada. Siku moja kwa wiki wafugaji walileta ng'ombe na mbuzi kutoka pande zote za delta, na wachinjaji wa Mombasa na Malindi walikuja na malori yao. Mwenye zizi alitoza ada ya lango kwa kila mnyama. Maji alitoza mbali. Ngazi ya kupakilia ng'ombe kwenye lori nayo alitoza mbali, na ilikuwa ya mbao zilizooza. Nilimwona ng'ombe akivunjika mguu pale kwa macho yangu. Ada ilipanda kila alipopenda yeye. Bosi wangu alifanya udalali katika zizi lile kwa miaka ishirini, mpaka siku ada ilipopanda tena na yeye akasimama mbele ya watu akasema atajenga la kwake.

Alisema kwa hasira, lakini alijenga. Aliuza ng'ombe wake karibu wote, na wale watano wa maziwa waliokuwa wa mkewe pia. Mkewe alikubali kwa sharti moja, alilolisema mbele yangu wiki ile ile niliyofika: mpaka mvua za masika zinazofuata. Zizi likisimama, ng'ombe wake watarudi kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Lisiposimama, mume wake atarudi kwenye zizi la zamani kuomba nafasi yake, aache kuota.

"Shemeji," akaniambia huku akikata kona ya pakiti kwa meno, "karibu chai. Haya ndiyo maziwa ya ng'ombe wetu. Wamejifunza kukamuliwa kwenye pakiti."

Mumewe alitazama kikombe chake. Kwa Muorma, kununua maziwa dukani si jambo dogo. Ni kama mvuvi kununua samaki wa kopo.

Zizi letu lilikuwa zuri. Sioni haya kusema hivyo, kwa sababu nilichimba mashimo ya nguzo kwa mikono yangu, na tulifyeka miti ya mathenge kwa wiki nzima mpaka miba ikatuvimbisha vidole. Lilikuwa na mabomba ya chuma badala ya miti, kivuli cha mabati, tangi kubwa na hori tatu ndefu za maji, ngazi ya saruji ambayo ng'ombe aliipanda bila kupigwa. Na mizani. Kila anayeuza ng'ombe kwa kukisia kwa macho anajua kwamba jicho la mchinjaji ni kali kuliko la mfugaji. Kwetu mfugaji angejua uzito wa mnyama wake kabla ya kutaja bei. Ada yetu ilikuwa nusu ya ile ya zamani. Tulifungua siku ile ile ya soko la zamani, na bosi alikuwa na hakika kwamba mwezi mmoja utatosha.

Nilitumwa kuzunguka kwa pikipiki kuwaalika wafugaji. Nakumbuka mzee mmoja mwenye ng'ombe wengi, nilimkuta akimtoa fahali kupe. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Maji ni bure?"

"Ni bure, mzee."

"Ngazi ni ya saruji?"

"Ya saruji."

"Huyo ni mtoto wa watu wazuri, namjua. Zizi lake ni zuri. Mimi nakuja."

"Siku ya soko inayokuja?"

"Wenzangu wakija, mimi nakuja. Peke yangu nakuja kufanya nini? Kuangalia saruji?"

Nilidhani ananikwepa. Nikaenda kwa mwingine, na mwingine. Wote walisema neno hilo hilo kwa njia tofauti, na ilinichukua muda kuelewa kwamba hawakuwa wakinikwepa. Walikuwa wakisema kweli. Mfugaji hutembeza ng'ombe siku mbili hadi kufika Garsen. Akifika mahali pasipo na wanunuzi, ng'ombe amekonda bure na safari ya kurudi ni siku mbili nyingine. Niliwapigia simu wachinjaji wa Mombasa, nao wakaniambia maneno ya upande wa pili: lori halirudi na ng'ombe wanne. Linakwenda kule ambako likifika asubuhi, jioni limejaa. Mfugaji alikuwa anamsubiri mnunuzi, mnunuzi anamsubiri mfugaji, na wote wawili tayari walikuwa wanaonana kila wiki mahali pengine.

Kulikuwa na mambo mengine ambayo mimi, mtu wa kuja, sikuyajua. Kila ukoo una alama yake ya chuma cha moto kwenye ngozi ya ng'ombe. Mnyama akisimama katikati ya soko lenye watu mia mbili, macho ya wote yanaisoma ile alama, na kama ameibiwa, atatambuliwa kabla ya adhuhuri. Mchinjaji anayenunua mbele ya macho yote hayo analala usingizi. Akinunua mbele ya macho kumi, anajiuliza kwa nini mnyama huyu ameletwa mahali palipofichika. Tena wafugaji hawaendi sokoni kuuza tu. Wanakaa chini kwanza, wanapeana habari: mvua imenyesha wapi, malisho yako wapi, ugonjwa uko kwenye mifugo ya nani. Mtu mwenye ng'ombe hamsini anaweza kwenda soko bila kuuza hata mmoja, arudi akiwa ameokoa wote hamsini kwa habari aliyoipata. Habari hiyo haikuwa kwenye zizi letu. Kwetu kulikuwa na mimi na karatasi za mizani.

Wiki ya kwanza walikuja mbuzi sita. Wiki ya pili watatu.

Tukafuta ada kabisa kwa wafugaji. Halafu bosi akawalipia mafuta wachinjaji watatu ili waje na malori yao, mzigo uwe au usiwe. Walikuja. Malori matatu yalisimama kwetu tangu saa moja asubuhi, madereva wakalala chini yake. Wafugaji hawakuwa wameamini, hawakuleta ng'ombe. Saa tano malori yakawashwa, yakaenda zizi la zamani, umbali wa kilomita mbili, yakajaa huko. Habari ikasambaa kwamba malori yalikuwa kwetu kweli. Kwa hiyo wiki iliyofuata wafugaji wapatao kumi walileta ng'ombe arobaini. Wachinjaji wale hawakurudi. Walikuwa wameshapoteza asubuhi moja. Ng'ombe arobaini walikunywa maji, wakasimama kwenye kivuli, na saa sita wakaswagwa kwenda kule kule, na waliuzwa kwa bei ya jioni, bei ya mtu anayejulikana hana muda.

"Wamekutana njiani," mke wa bosi akasema. "Mmoja anakuja, mmoja anaondoka. Kama nyinyi wawili na akili."

Bosi hakuvunjika moyo. Baada ya siku tatu akaja na wazo ambalo mpaka leo naliona lilikuwa zuri. Tusishindane siku moja na zizi la zamani. Tufungue siku moja kabla. Wafugaji watokao mbali hufika jana yake wakalala kandokando ya mji. Zizi letu liko kwenye njia yao. Watakaouza watauza kwetu, wasiouza wataendelea. Hakuna atakayepoteza kitu kwa kutujaribu.

Siku ya kwanza ya mpango huo nilisimama langoni nikaona vumbi linakuja kutoka upande wa mto. Ng'ombe walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kuona mahali pamoja. Waliingia, wakajaza hori zote tatu, pampu ikapiga kelele mchana kutwa. Wafugaji wakalala kwenye kivuli. Wachinjaji wawili walikuwa wamefika mapema na wakapita kati yao wakitaja bei.

"Bei hiyo ni ya leo," mfugaji mmoja akamjibu mmoja wao. "Kesho mko ishirini. Nitakusikia kesho."

Na mchinjaji naye akamwambia mwenzake asinunue haraka, kesho ng'ombe watakuwa mara tatu. Hakuna aliyeuza. Asubuhi ng'ombe waliondoka wameshiba maji, wamepumzika, ngozi zinang'aa, wakaingia zizi la zamani wakiwa wanapendeza kuliko walivyowahi kupendeza. Bei za siku ile zilikuwa nzuri, na watu wakasema soko la zamani limeimarika.

Ilikuwa hivyo kila wiki. Nilimwambia bosi tufunge maji. Asiyeuza kwetu asinyweshe kwetu. Alinitazama kama mtu aliyesikia tusi kwa lugha ya kigeni.

"Ng'ombe amefika kwangu ana kiu," akasema, "halafu nimwambie nini?"

"Mwambie mwenye ng'ombe, si ng'ombe."

"Msomi, maji hayafungwi. Baba yangu hakufunga, na babu yangu hakufunga. Nikifunga, hata hao watakaokuja kuuza watakuja kwa mtu gani?"

Dizeli ya pampu ilikuwa inatoka kwenye ng'ombe wake wa mwisho, mmoja mmoja, na ilikuwa ikiwanywesha ng'ombe waliokwenda kulipa ada kwa mtu mwingine.

Mwenye zizi la zamani alitutembelea mara moja tu. Nilitegemea vitisho, lakini alikuja na sukari kilo mbili kama mgeni yeyote, akatuamkia vizuri, akakagua ngazi yetu kwa mkono wake. Alikuwa mtu mnene, mpole, anayepumua kwa taabu.

"Ngazi hii ni nzuri kuliko yangu," akasema.

"Ni nzuri," bosi akajibu.

"Na mizani mimi sina."

"Huna."

"Sikufanya lolote dhidi yako. Nataka ulijue hilo. Sikumpigia simu mchinjaji hata mmoja."

"Najua."

Alikunywa chai ya maziwa ya pakiti, akashukuru, akaenda. Tungeona nafuu kama angekuwa adui. Adui unaweza kumshtaki kwa wazee, unaweza kumsema, unaweza kumshinda. Yule bwana hakuwa amefanya kitu. Alikuwa wa kwanza tu, na watu walikuwa kwake kwa sababu watu walikuwa kwake.

Jaribio la mwisho lilikuwa la bosi kwenda kuongea na wafugaji wote kwa pamoja. Aliona, na aliona sawa, kwamba hakuna mmoja wao aliyekataa. Kila mmoja alikataa kutangulia. Basi wahame wote siku moja. Aliita kikao, akachinja mbuzi wawili, wakaja watu wazito wa koo mbalimbali. Waliilalamikia ada ya zamani kwa saa nzima. Kisha wakakubaliana: siku ya soko ya wiki ya pili, mifugo yote iende zizi jipya. Waliomba dua, wakanyoosha mikono. Yule mzee wa fahali mwenye kupe alinishika bega akaniambia, "Sasa nakuja kuangalia saruji yako." Nilipiga simu Mombasa na Malindi, na sauti yangu mwenyewe ilikuwa na uhakika kiasi kwamba malori saba yaliahidi kuja, na saba yakaja.

Siku ile walikuja wote. Hakuna aliyevunja ahadi, na hili ndilo linaloniuma. Kila mtu alileta ng'ombe. Lakini kila mtu, nyumbani kwake, peke yake, alikuwa amejiuliza: na wenzangu wasipokuja? Akaona heri agawe. Waliokuwa wanono akawapeleka zizi la zamani, kwa tahadhari tu, pamoja na mtoto wake mkubwa. Wa kwetu akaleta wale ambao hata wakirudi hawajauzwa si hasara. Nilisimama kwenye mizani nikawaona wanaingia: kipofu wa jicho moja, mwenye kwato iliyopasuka, fahali mzee mwenye mbavu za kuhesabika, majike yaliyokauka. Mzee wa kupe aliingia na ndama aliyekuwa akiburuta mguu. Aliniona, na mimi nilimwona. Naye alipotupa macho akaona walicholeta wenzake, akakaa chini.

Mchinjaji mmoja wa Malindi alizunguka zizi lote akiwa ameshika kiuno.

"Nimeleta lori la nyama," akasema, "na hapa ni wodi."

Watu walicheka, hata wafugaji. Malori yakageuza. Niliwapima wale ng'ombe wachache ambao wenye mali walitaka wapimwe, na mizani ilisema kweli, na ukweli wenyewe haukumsaidia mtu.

Mwezi uliofuata ada ya zizi la zamani ilipanda. Haikupanda sana. Maji nayo yakapanda. Watu walilalamika sana, wakalipa. Niliwasikia wakisema mjini kwamba yule dalali angejitahidi kidogo tu zaidi wangemfuata, na waliosema hivyo walikuwa wakitoka langoni kwa mwenzake.

Masika yalianza. Sharti la mke wa bosi lilikuwa limefika siku yake. Asubuhi moja alimpa mumewe shuka safi na fimbo yake ya zamani. Bosi alikuwa amebaki na ng'ombe wanne. Dizeli ilikuwa imeisha.

"Unawapeleka wapi?" nikamuuliza bosi, ingawa nilijua.

"Kwenye wanunuzi," akasema.

Akafungua lango la zizi lake mwenyewe, lenye ngazi ya saruji na kivuli, akawatoa ng'ombe wake, akawaswaga kilomita mbili kwenda kuwauza kwa jirani. Nilimfuata nyuma. Alilipa ada ya lango, ile mpya, bila kubishana bei. Kisha akaenda kwa yule bwana mnene, akaomba arudishwe kwenye kazi ya udalali. Yule bwana alisimama kumpokea. Akamwambia nafasi yake ipo, ila kwa sasa madalali ni wengi, ataanzia upande wa mbuzi. Bosi akashukuru.

Sikuwa na kazi tena, na miguu yangu ilikuwa imeshaanza kuwasha. Lakini safari hii sikuondoka kwa kuchoka mji. Niliondoka kwa sababu sikuweza kukaa nikimwona kila siku. Nilifunga begi siku ya soko, kwa kuwa siku hiyo magari ya Malindi ni mengi. Mkewe alinipa maandazi kwenye mfuko.

"Shemeji, ukienda huko kwingine," akasema, "ukikuta mtu anajenga kitu cha pili, mwambie akanywe maji kwanza alale."

Nikapita zizi la zamani kumuaga. Lilikuwa limejaa mpaka watu wanapishana kwa mabega. Nilimwona upande wa mbuzi, shuka lake safi likiwa limeshakuwa jekundu kwa vumbi. Mkono wake wa kulia ulikuwa chini ya kitambaa pamoja na mkono wa mchinjaji, vidole vikitajiana bei ambayo wengine hawapaswi kuiona. Udalali ukifika hapo hakuna anayeruhusiwa kusema nao. Nilisubiri. Wakamaliza, na kabla hajageuka mfugaji mwingine akamvuta, na mkono ukarudi chini ya kitambaa. Nikasubiri tena. Kondakta wa gari la Malindi akaanza kupiga ubavu wa gari kwa kiganja, na mimi nilikuwa nimeshalipa nauli.

Nadhani aliniona. Alinyanyua kidevu kidogo, kama mtu anayesema ngoja, na vidole vyake vilikuwa bado vinahesabu.